Mtoto anapona kweli au namba zimecheza tu? Mwongozo kamili wa kupima kama tiba inafanya kazi

Kuna kosa naliona tena na tena kwenye faili za watoto. Mzazi anajaza fomu ya matatizo ya mtoto siku ya kwanza inatoka 22, baada ya miezi mitatu anajaza tena inatoka 17, mshauri anaandika kwenye ripoti "mtoto ameendelea vizuri". Mwenzake anapata 22 halafu 20, anakata tamaa na kubadilisha mbinu yote. Wote wawili wamekosea mahali pamoja. Wameangalia namba imeshuka kiasi gani bila kujiuliza kwanza hii fomu huwa inacheza kiasi gani hata kama mtoto ni yuleyule na hajabadilika chochote.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo tu. Nitatumia fomu moja, SDQ ya mzazi, yaani fomu ya maswali kuhusu nguvu na matatizo ya mtoto, na mtoto mmoja wa mfano niliyemtunga, wa miaka 9, ana hofu nyingi, analia asubuhi kabla ya shule na hawezi kulala peke yake. Ukiweza kwa huyu utaweza kwa fomu nyingine, hesabu ni ileile.

## Andaa hivi kwanza

Fomu ya SDQ ya mzazi, ya miaka 4 hadi 17, za aina mbili. Ipo ya mwanzo na ipo ya ufuatiliaji, zote unazipata sdqinfo.org. Ya mwanzo inamuuliza mzazi kuhusu miezi 6 iliyopita, ya ufuatiliaji inauliza mwezi mmoja uliopita. Watu wengi wanatoa kopi ya ile ya mwanzo wanaitumia mara zote mbili, halafu wanashangaa mbona namba haishuki. Haitashuka bwana, mama bado anajibu kuhusu miezi ambayo tiba ilikuwa haijaanza!

Namba mbili zinazohusu fomu yenyewe. Ya kwanza ni mchepuko sanifu, yaani alama za watoto wa kawaida zimetawanyika kiasi gani. Ya pili ni uthabiti, namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha fomu inashikilia jibu lake kiasi gani. Kwa jumla ya SDQ ya mzazi tumia 5.8 na 0.82. Zimetoka kwa watoto wa Uingereza wa miaka 5 hadi 15, kwa hiyo kama kuna namba zilizopatikana kwa watoto wanaofanana zaidi na unaowahudumia, chukua hizo.

Karatasi ya grafu, kalkuleta yenye kipeuo cha pili, na wiki tatu kabla ya kuanza tiba. Hizo wiki tatu ndizo watu hawapendi kuzitoa, na bila hizo hatua ya 5 na ya 6 hazina maana. Ila mtoto akiwa hatarini, anajiumiza au anaumizwa, usisubiri wiki hata moja, anza kumlinda leo, vipimo vitakuja baadaye.

## Hatua ya 1: Andika kabla ya kuanza utahukumu kwa kipimo gani

SDQ ina sentensi 25 zilizogawanywa kwenye makundi matano ya sentensi tano tano: hisia, tabia, utulivu na umakini, mahusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Makundi manne ya kwanza ndiyo yanajumlishwa kupata alama kati ya 0 na 40. Wema hauingii kwenye jumla.

Mtoto wetu shida yake ni hofu. Basi andika kwenye faili, na tarehe uweke: "kipimo kikuu ni kundi la hisia, cha pili ni jumla." Kwa nini mapema? Kwa sababu makundi yapo matano, na mzazi akijaza na mwalimu akijaza tayari una namba kumi. Ukisubiri mwisho ndipo uchague lipi limeshuka, karibu kila mtoto utampata na kitu kimeshuka mahali. Hapo utakuwa unaokota tu kinachokupendeza.

Umefaulu hapa kama mtu mwingine akisoma faili lako leo anaweza kutaja ni namba ipi itaamua, kabla matokeo hayajapatikana.

## Hatua ya 2: Jaza fomu mara mbili kabla ya tiba

Mpe mama fomu ya mwanzo wiki ya kwanza, mpe tena wiki ya tatu. Tumia ile ya pili kama alama ya kuanzia.

Sababu ni kwamba familia huja kutafuta msaada wakati mambo yamechacha kabisa. Kinachopanda sana huwa kinashuka kidogo chenyewe, na pia wazazi wakijaza fomu mara ya pili huwa wanatia alama za chini kidogo hata kama hakuna kilichofanyika. Ukianzia na fomu ya kwanza, hiyo teremko ya bure utaihesabu kama kazi yako.

Kwa mtoto wetu mama alipata 24 wiki ya kwanza na 22 wiki ya tatu. Pointi mbili zimeondoka na hujafanya kikao hata kimoja. Tunaanzia 22: hisia 9, tabia 3, utulivu na umakini 6, wenzake 4.

Angalia wakati wa kuhesabu. Kila jibu ni 0, 1 au 2, lakini sentensi namba 7, 11, 14, 21 na 25 zinageuzwa, kwa sababu zinasema jambo zuri, kama vile mtoto ana rafiki mmoja wa kweli. Hapo "kweli kabisa" ni 0, siyo 2. Nimeshakutana na faili ambalo mtoto alionekana amezidi kuumwa, kumbe hizo tano hazikugeuzwa mara ya pili. Na anayejaza mwanzoni ndiye ajaze mwisho. Mama mwanzoni na baba mwishoni hapo umepima tofauti ya wazazi, hujapima mtoto.

## Hatua ya 3: Tafuta kizingiti, yaani namba ishuke kiasi gani ndipo uamini

Njia hii wameitoa Jacobson na Truax mwaka 1991 na inaitwa badiliko la kuaminika. Wazo lake ni jepesi: kila fomu ina mtikisiko wake, mama amelala vibaya, leo kagombana na mtoto, sentensi kaielewa tofauti. Tunahesabu huo mtikisiko ni mkubwa kiasi gani, na tunasema badiliko tutaliamini likiuzidi.

Fanya hivi kwa jumla ya alama. Toa uthabiti kwenye 1, yaani 1 − 0.82, unapata 0.18. Zidisha kwa 2 kwa sababu umepima mara mbili na kila mara mtikisiko upo, inakuwa 0.36. Kipeuo chake ni 0.6. Zidisha kwa mchepuko sanifu, 5.8, unapata 3.48. Mwisho zidisha kwa 1.96, unapata 6.82.

Kwenye programu ya jedwali ni mstari mmoja:

```
=1.96*5.8*SQRT(2*(1-0.82))
```

Alama za SDQ hazina nusu, kwa hiyo kizingiti ni pointi 7. Hiyo 1.96 maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 ambao hawajabadilika kabisa, kama 5 hivi wataonekana wamevuka, ama kwa kupanda ama kwa kushuka. Siyo uhakika wa asilimia mia, ni uhakika wa kutosha kufanyia kazi.

Sasa kundi la hisia, ambalo ndilo kipimo chetu kikuu. Mchepuko wake ni 2.0 na uthabiti 0.67. Weka kwenye mstari uleule, unapata 3.18, kwa hiyo kizingiti ni pointi 4.

Onyo kuhusu uthabiti. Utakuta namba za aina mbili. Ipo inayopima kama sentensi za fomu zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, hiyo ndiyo 0.82, na ipo inayotoka kwa watu waliojaza mara mbili. Kwa SDQ hiyo ya pili kwa wastani ni 0.62, lakini fomu zilijazwa zikiwa zimepishana miezi 4 hadi 6, na kwa muda huo watoto wengine wamebadilika kweli, siyo kosa la fomu. Ukitumia 0.62 kizingiti cha jumla kinapanda mpaka pointi 10. Mimi natumia 0.82 na naandika kwenye faili kwamba nimetumia hiyo. La kuepuka ni kubadilisha namba baada ya kuona matokeo.

## Hatua ya 4: Weka matatizo mawili ya kila wiki, kwa maneno ya familia yenyewe

SDQ haifai kila wiki, sentensi zake ni pana mno na mama atachoka. Katikati unahitaji kitu kifupi. Muulize mama na mtoto, kila mmoja peke yake: "Ni nini kinachowasumbua zaidi, ambacho kikipungua mtajua mambo yamekuwa mazuri?" Chagua viwili. Andika kama walivyosema, usitafsiri kuwa lugha ya kitaalamu, kwa sababu mama akiambiwa apime "wasiwasi wa kutengana" kila wiki atakuwa anapima kitu tofauti.

Kwa mtoto wetu yalitoka haya: "analia asubuhi mpaka tunachelewa shule" na "hawezi kulala bila mimi chumbani". Kila wiki, siku ileile, mama anatoa namba kutoka 0, siyo tatizo kabisa, mpaka 10, tatizo kubwa kupita yote. Mtoto naye anatoa yake kwenye ngazi yenye vidato kumi iliyochorwa. Usichanganye wala usitafute wastani wa wawili hao, chora mistari miwili. Wakitofautiana hiyo ni habari ya kuzungumza kwenye kikao.

Chukua namba kabla ya kikao kuanza. Ukichukua mwishoni, mmeshaongea vizuri saa nzima, mama atakupa namba ya heshima.

## Hatua ya 5: Anza tatizo moja, la pili liache lisubiri

Hapa nataka usome taratibu maana ndipo penye utamu wa kazi yote. Badiliko la kuaminika linakuambia jambo moja tu, kwamba badiliko ni kubwa kuliko mtikisiko wa fomu. Halikuambii kwamba ni tiba imefanya. Huenda mwalimu mkali kahamishwa, huenda mtoto kakua tu. Huwezi kumgawa mtoto mmoja nusu apate tiba nusu asipate, lakini unaweza kuyagawa matatizo yake.

Kwa hiyo wiki ya 4 tukaanza kazi ya kilio cha asubuhi peke yake: ngazi ya hofu, kidato kwa kidato, kuanzia kuvaa sare na kukaa mlangoni, mpaka kuagana getini kwa dakika moja bila kurudi nyuma. Kulala hatukukugusa mpaka wiki ya 8, ila namba zake tuliendelea kuzichukua. Mwambie mzazi waziwazi kwa nini mnasubiri, ukinyamaza ataanza mwenyewe nyumbani na grafu itaharibika.

Namba za mama zilikuja hivi:

| Wiki | Kilio asubuhi | Kulala peke yake |
|---|---|---|
| 1 | 8 | 9 |
| 2 | 9 | 8 |
| 3 | 8 | 9 |
| 4 (kilio kinaanza) | 8 | 9 |
| 5 | 9 | 8 |
| 6 | 7 | 9 |
| 7 | 6 | 8 |
| 8 (kulala kunaanza) | 6 | 8 |
| 9 | likizo | 7 |
| 10 | 5 | 5 |
| 11 | 4 | 5 |
| 12 | 3 | 4 |

## Hatua ya 6: Soma grafu kwa macho

Chora mstari wa wima pale tiba ya kila tatizo inapoanza, halafu jiulize: namba za wiki tatu za mwisho zote zipo chini ya namba ya chini kabisa ya kabla ya tiba? Kwa kilio, ya chini kabisa kabla ilikuwa 8, na tatu za mwisho ni 5, 4, 3. Ndiyo. Kwa kulala ya chini ilikuwa 8, za mwisho 5, 5, 4. Ndiyo pia.

Kisha angalia kulala kati ya wiki ya 4 na ya 7. Kilio kinaanza kushuka, lakini kulala kumebaki palepale 8 na 9, kumeanza kushuka baada tu ya sisi kukugusa. Kama ni mwalimu kahama au mtoto kakua, yote mawili yangeshuka pamoja. Hili ndilo linaloshawishi, kuliko namba yoyote ya mwisho. Lina mpaka wake lakini: mara nyingine mtoto akishinda hofu moja anapata ujasiri na ya pili inashuka yenyewe. Ikitokea hivyo furahia, ila usidai kwamba grafu imethibitisha tiba, sema tu mtoto amebadilika.

Makosa mawili ya grafu. Likizo usiandike 0. Shule imefungwa, hakuna cha kupima, acha wazi na uandike sababu. Nimeona grafu nzuri sana zilizojengwa na likizo, shule ikifunguliwa kilio kiko 8 kama kawaida. Na wiki ya 5 namba ilipanda kuwa 9, hilo katika tiba ya kukabili hofu ni la kawaida, mtoto kaanza kuombwa afanye anachoogopa. Wiki moja isikutishe. Wiki tatu mfululizo juu ya namba zote za mwanzo hiyo sasa ni taarifa.

## Hatua ya 7: Fomu ya pili na hukumu

Wiki ya 15, yaani wiki 12 tangu tiba ianze, mama alijaza fomu ya ufuatiliaji. Jumla 17: hisia 5, tabia 3, utulivu na umakini 6, wenzake 3.

Jumla imeshuka pointi 5 na kizingiti ni 7. Haijavuka. Yule mshauri wa mwanzo angeandika "ameendelea vizuri" kwa namba hii, na kwa jumla peke yake hana ushahidi huo. Lakini kipimo chetu kikuu ni hisia, tuliandika wiki ya kwanza, na hapo ametoka 9 mpaka 5. Pointi 4, kizingiti 4, amevuka. Jumla imezimwa na tabia na umakini, ambavyo hatukuvitibu na havikusogea.

Bado kuna swali la pili: amefika eneo la watoto wa kawaida? Kwa hisia kwenye fomu ya mzazi, 0 hadi 3 ni kawaida, 4 ni mpakani, 5 kwenda juu ni ya juu. Yeye yuko 5. Kwa hiyo ameimarika kwa badiliko la kuaminika lakini hajapona. Ni maswali mawili tofauti na kila ripoti ijibu yote mawili, kwa sababu mtoto anaweza pia kutoka 4 kwenda 3, akavuka mpaka kwa pointi moja tu ambayo ni mtikisiko.

Hukumu hiyo ndiyo ikaamua kazi. Hatukufunga faili kwa sababu mama amefurahi, wala hatukubadilisha mbinu. Tuliendelea na ngazi ileile. Wiki ya 24 hisia zilikuwa 3, wenzake 2, tabia 3, umakini 6, jumla 14. Sasa hisia zimeshuka pointi 6 na zipo kwenye kawaida, jumla imeshuka 8 na imevuka kizingiti.

Kikomo cha njia hii: mtoto aliyeanza na hisia 3 hawezi kushuka pointi 4, hana pa kushukia. Kwake grafu ya kila wiki ndiyo itabeba hukumu, usimwite "hajabadilika" kwa kosa la fomu.

## Hatua ya 8: Kama hakuna kilichosogea, au amezidi

Usianze na mbinu, anza na vitu vya kawaida. Fomu sahihi? Mjazaji yuleyule? Sentensi tano zimegeuzwa? Kisha uliza kama kazi ya nyumbani inafanyika kweli. Muulize mama bila kumlaumu: "Mama, wiki hii mliagana getini mara ngapi?" Ukiambiwa mara moja, tiba haijashindwa, haijatolewa bado.

Kama yote hayo yapo sawa na vikao sita vimepita grafu iko palepale, peleka karatasi kwa msimamizi wako, na mfikirie upya kama tatizo mlilolishika ndilo lenyewe. Mtoto anayelia kila asubuhi anaweza kuwa anapigwa shuleni, na hapo ngazi ya hofu ni kumrudisha kwa anayempiga. Alama zikipanda pointi 4 za hisia au 7 za jumla, hiyo ni kuzorota kwa kuaminika, usisubiri kikao kijacho kukizungumza na familia.

## Namna ya kuiandika kwenye ripoti

Kwa mtoto wetu niliandika hivi tu:

"Kipimo kikuu kilichochaguliwa kabla ya tiba, hisia katika SDQ ya mama, kimeshuka kutoka 9 hadi 3 (kizingiti cha kuaminika ni pointi 4) na sasa kiko eneo la kawaida. Kilio cha asubuhi na kulala peke yake vilishuka kila kimoja baada ya kuanza kutibiwa, siyo kabla. Utulivu na umakini umebaki 6, mpakani, haukutibiwa na haukubadilika. Napendekeza mwalimu ajaze fomu yake ili tujue kama unahitaji kushughulikiwa."